Nimepewa dakika 3 kuwakaribisha wageni kwenye mahafali, niseme nini?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Igombe, Ilemela. Jumamosi ijayo mabinti 14 wanahitimu mafunzo ya ushonaji tuliyoyaendesha wenyewe hapa mtaani kwa miezi 9. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa Diwani. Wenzangu wamenipa neno la ukaribisho, dakika 3, na mimi maiki nimezoea ya vikao vyetu tu. Nimeandika kurasa mbili na nusu za kaunta buku na bado naona kuna watu sijawashukuru. Mtendaji wa mtaa anataka nitaje kwamba tunahitaji vyerehani na mkopo. Mwenyekiti wangu anataka nimtaje kila aliyechangia na kiasi alichotoa. Halafu mabinti walioanza walikuwa 19. Watano waliacha njiani, na mama zao ni majirani zangu, wamealikwa na watakuja. Sitaki kuwaumiza, wala sitaki kuwanyima wale 14 sifa yao. Nisaidie.

Mama wa Igombe

Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Kufundisha mabinti 14 mpaka wakahitimu, bila chuo wala mfadhili mkubwa, ni kazi ya watu wenye moyo.

Kabla hujafuta hata mstari mmoja, mtafute anayepanga ratiba akusomee yote. Mahafali ya mtaani kwetu yana maneno manne yanayofanana, na mengi yanaharibika kwa sababu msemaji wa kwanza anayabeba yote manne. Kuna utambulisho, ambao ni kazi ya mshereheshaji au mtendaji: huyu ni nani, ametoka wapi. Kuna ukaribisho, ambao ni wako. Kuna risala, inayosomwa na mhitimu mmoja kwa niaba ya wenzake. Na mwishoni kuna neno la shukrani kwa mgeni rasmi baada ya hotuba yake. Ukishajua nani anasema nini, nusu ya kurasa zako zitajiondoa zenyewe.

Ombi la vyerehani na mkopo ni mali ya risala, na simwambii hivyo mtendaji ili kumpinga. Risala ikishasomwa, msomaji humkabidhi mgeni rasmi nakala mkononi, naye akisimama kuhutubia huwa anajibu yale yaliyomo: hili nimelichukua, hili nitalifikisha halmashauri, hili anzeni wenyewe. Ombi lililotajwa kwenye ukaribisho halina karatasi inayolibeba. Diwani atalisikia akiwa bado anajifuta jasho, kisha atalisikia tena kwenye risala, na atajiona amedaiwa mara mbili kabla hajafungua mdomo. Kaeni basi na yule binti atakayesoma risala, muandike ombi kamili: vyerehani vingapi, vya aina gani, vitakaa wapi na chini ya nani. Kama mkopo mnaoutaka ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, andikeni pia kwamba kikundi kimesajiliwa. Kama hakijasajiliwa, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona wiki hii, maana hilo ndilo swali la kwanza Diwani atakalouliza.

Sasa urefu. Mtu anayesoma kwa utulivu mbele ya watu, akipumzika kwenye nukta, husema maneno 100 hivi kwa dakika, au zaidi kidogo. Dakika zako 3 ni maneno 300. Ukurasa wa kaunta buku wenye mistari 28 na maneno kama 10 kila mstari unabeba karibu hayo yote. Kwa hiyo kurasa mbili na nusu zina dakika 7 ndani yake, na hapo hujahesabu makofi, vigelegele na mtoto anayelia. Usijaribu kuzisoma haraka ili zitoshe. Anayeharakisha humeza majina ya watu, na jina lililomezwa ndilo linaloleta ugomvi baada ya pilau.

Kwenye kutaja wakubwa, anza na mgeni rasmi, hata kama meza kuu ina mtu mwenye cheo cha juu zaidi, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye mmepanga aongoze shughuli. Fuata viongozi wa kata na mtaa, viongozi wa dini, walimu, wazazi na walezi, wahitimu, kisha majirani wote. Mheshimiwa ni ya Diwani, kwa kuwa amechaguliwa na wananchi. Mtendaji ni mtumishi, naye Ndugu inamtosha na haimpunguzii kitu. Wataje kwa makundi, usirudie jina moja moja, kwa kuwa mshereheshaji atakuwa ameshafanya hivyo dakika chache kabla yako. Salamu za dini ziwe mbili, ya Waislamu na ya Wakristo, kila moja usubiri iitikiwe. Ongeza moja ya Kisukuma, basi. Igombe ina Wakerewe, Wajita, Wazinza na wengine, na ukianza kumsalimia kila mtu kwa lugha ya kwao lazima utamsahau mmoja, naye ndiye atakayekuwa amekaa mbele.

Hapa kwenye shukrani ndipo ninapotaka ukae na mwenyekiti wako kwa upole. Nia yake ni njema, anaogopa mtu aone mchango wake umepotea. Lakini ukisoma kwamba fulani ametoa 50,000 na fulani 2,000, yule wa 2,000 hatasikia shukrani, atasikia amepimwa mbele ya majirani. Na huenda alitoa alichokuwa nacho. Viasi vya fedha vibaki kwenye taarifa ya mweka hazina, isomwe kwenye kikao cha kikundi. Majina yote ya waliochangia yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, kwa mpangilio wa alfabeti na bila viasi, ibandikwe pale watu wanapoingilia. Kila mtu atajitafuta na kujiona. Ukishika maiki, wewe utashukuru kazi: aliyetoa chumba, waliofundisha, waliolea watoto. Ukitaja kazi, mwenye kazi anajijua, jirani zake wanamjua, na wote wanageuka kumtazama. Chagua kazi 3 au 4, zisizidi hapo, na uhakikishe mojawapo ni ya watu ambao huwa hawatajwi. Kwenye mafunzo yenye mabinti wenye watoto wachanga, hao ni mabibi na wadogo zao waliobaki nyumbani na watoto. Jioni ya Ijumaa msomee orodha hiyo mweka hazina na mwalimu mmoja. Wao ndio watakaokumbuka uliyemsahau.

Wale mabinti watano usiwapite kimya, na pia usitaje idadi yao. Ukisema walianza 19 wakamaliza 14, kila kichwa kitaanza kuhesabu na kutafuta ni nani, na macho yataishia kwa mama zao. Sababu zao wewe unazijua: mwingine ameolewa, mwingine amehamia kisiwani kwenye dagaa, mwingine amepata ujauzito, mwingine amekosa nauli ya kutoka kwa shangazi yake. Hakuna hata moja inayostahili kipaza sauti. Weka sentensi mbili tatu tu zinazosema nao ni wetu na nafasi wanayo. Ila hiyo nafasi iwe ya kweli. Ulizeni kwenye kamati kabla ya Jumamosi kama darasa lijalo lipo na kama wataanzia walipoachia au mwanzo. Kama kamati haijakubaliana, ondoa ahadi hiyo, ubaki na neno la kwamba ni wetu. Na Ijumaa ukipata nafasi, pita kwa kila mmoja wa mama hao, umwambie kwamba umewaandalia viti na ungependa waje. Akisikia kwako nyumbani, hatajikunyata kesho yake.

Kuhusu kuwatia moyo wahitimu, achana na sentensi ambazo zingeweza kusemwa kwenye mahafali yoyote. Wameshazisikia tangu darasa la kwanza. Fundi anatiwa moyo na mtu aliyeiona kazi yake. Nenda darasani siku moja kabla, uangalie, umwulize mwalimu: kipi kiliwashinda zaidi mwanzoni na sasa wanakiweza? Kwa wengi wanaojifunza ushonaji ni kuunganisha mkono wa blauzi kwenye bega bila kukunjana, au kuweka zipu ikae bapa. Taja hicho. Binti aliyefumua mkono mara tatu akisikia katibu anakijua alichopitia, ataamini pia hilo utakalomwambia baadaye. Kisha wape neno moja la kwenda nalo, linalohusu kitakachowakuta: mteja wa kwanza atakayerudisha nguo. Na wageni uwaombe kitu kimoja chepesi kinachowezekana. Januari shule zinafunguliwa na sare zinatakiwa. Huo ndio msimu wa kwanza wa fundi mpya.

Nimekuandikia hili hapa. Libadilishe mpaka kila sentensi iwe kweli kwenu.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, viongozi wetu wa kata na mtaa, viongozi wa dini, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu, na majirani wote mliofika. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwadila.

Kwa niaba ya kikundi chetu, karibuni Igombe. Mheshimiwa, Jumamosi yako umetupa sisi, tunakushukuru na tunakuheshimu. Tunawaona akina mama mliowahi kuanika dagaa alfajiri ili mfike hapa kwa wakati. Tunawaona na akina baba mliotoka ziwani asubuhi mkaja kabla hamjapumzika. Karibuni sana, hapa ni kwenu.

Siku ya leo imejengwa na wengi. Tunamshukuru mzee wetu aliyetupa chumba miezi yote 9 bila kudai kodi. Tunawashukuru mafundi wetu wawili waliofundisha jioni, baada ya kufunga kazi zao. Tunawashukuru mabibi, na wadogo zetu, mliobaki na watoto ili mama zao washone. Na wote mliochangia fedha, vitambaa, nyuzi na chakula cha leo, majina yenu yapo pale mlangoni. Tunamshukuru kila mmoja wenu.

Wahitimu wetu, mlipoanza, wengi hamkujua hata kupitisha uzi kwenye cherehani. Magauni mliyovaa leo mmeyapima, mmeyakata na kuyashona wenyewe. Wageni wetu, wakipita karibu yenu tazameni mabega na mapindo. Mabega hayo yalifumuliwa mara tatu kabla ya kukaa hivyo. Mabinti, siku mteja wa kwanza atakaporudisha nguo, ipokeeni kwa adabu, fumueni, mshone tena, kama mlivyozoea hapa.

Wapo tulioanza nao ambao leo hawamo kwenye mstari huu. Nao ni mabinti zetu. Walichojifunza ni chao, na darasa lijalo tunawasubiri.

Wageni wetu, Januari watoto watahitaji sare. Mafundi mnao hapa hapa Igombe, waleteeni vitambaa. Karibuni tena, na asanteni sana.

Ni maneno 220 hivi, chini ya zile 300, kwa hiyo una nafasi ya kuitikiwa salamu na kupigiwa vigelegele. Washa saa ya simu, usome kwa sauti ukiwa umesimama, siyo kimoyomoyo ukiwa kitandani. Ikizidi dakika 3, kata kwenye aya ya pili. Usikate shukrani.

Angalia vilevile kama hilo neno la akina baba waliotoka ziwani linaendana na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Jumamosi yenu ikiangukia mbalamwezi, mitumbwi mingi itakuwa imepumzika mwaloni, na sentensi hiyo itasikika kama umeiokota kwingine. Iondoe, useme karibuni akina baba. Na kama ni kipindi cha giza, mwambie mwenyekiti shughuli isianze saa 4 asubuhi, kwa maana ndipo mwalo mzima uko juani na dagaa. Saa 8 mchana inawafaa zaidi.

Saa 8 ina tatizo lake, nalo ni upepo. Mchana ziwani kunavuma kuja nchi kavu, na upepo ukiingia kwenye maiki, spika zinavuma na sauti yako haisikiki. Waombe waweke jukwaa mahali ambapo nyumba au turubai la hema linaukinga upande wa ziwa. Ikishindikana, wewe mwenyewe simama ukiupa upepo mgongo ili mwili wako uukinge, maiki iwe karibu na kidevu, upana wa vidole vitatu hivi kutoka mdomoni. Karatasi yako ibandike kwenye jalada gumu la daftari kwa gundi. Andika kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, usije ukageuza ukurasa huku mkono mwingine una maiki.

Kuna mambo mawili yanayotokea mara kwa mara, uyatarajie. La kwanza, Diwani anaweza kupata dharura akamtuma mwakilishi. Ndiyo maana kwenye hotuba yako jina lake halimo popote, cheo tu. Akija mwakilishi, pale juu utasema: mgeni wetu rasmi, uliyekuja kumwakilisha Mheshimiwa Diwani. Chini, badala ya Mheshimiwa utasema mgeni wetu. Usiseme tulimtarajia Diwani lakini hakufika, kwa sababu huyo aliyekuja amekuja. Muulize mtendaji kabla hujasimama, umeshika penseli.

La pili, mgeni rasmi akichelewa sana, mshereheshaji anaweza kukuita ili kujaza muda. Kataa kwa heshima. Ukaribisho unasubiri meza kuu ikae, kwa kuwa ukishawakaribisha waliopo utalazimika kurudia akifika, na mara ya pili haina uzito. Waache mabinti waonyeshe mavazi au kwaya iimbe. Na kwa kuwa kuchelewa huko kutakula muda wa wote, jiandae pia na ukaribisho wa dakika 1. Pigia mstari kwa penseli sentensi utakazobaki nazo: kutaja itifaki na salamu, karibuni Igombe, shukrani kwa chumba, mafundi na waliolea watoto, nao ni mabinti zetu, na ombi la sare. Mshereheshaji akikuonyesha kidole kimoja, soma hizo tu, kisha umrudishie maiki.

Shangazi